Kabla mshahara haujaenda akaunti mpya, bosi akupigie

Dada mmoja anafanya usafi hotelini Irving. Tuseme analipwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Ijumaa hii imefika na akaunti ni tupu. Anaenda ofisini, anaambiwa: "Si ulituandikia imeili kwamba umebadilisha benki?" Yeye hakuandika. Mwizi ndiye aliyeandika, kwa jina lake, na mshahara umeenda kwa mwizi.

Inawezekanaje wakati jina la akaunti si lake? Ni kwa sababu benki inayopokea mshahara inaruhusiwa kufuata namba ya akaunti peke yake. Jina likiwa tofauti, pesa bado zinaweza kuingia. Waajiri wengine hutuma kwanza jaribio la dola 0 na kusubiri siku 3 za kazi za benki. Jaribio hilo hugundua namba iliyokosewa. Halimgundui mwizi, maana akaunti yake ni ya kweli, ila si yako.

Kwa hiyo kinga iko kwa mtu, haiko kwenye kompyuta. Ukitaka kubadilisha, iwe Houston au Dallas, nenda mwenyewe ofisini. Beba kitambulisho na barua ya benki yenye jina lako, namba ya akaunti na ile namba ya benki yenye tarakimu 9. Jaza fomu, tia sahihi, baki na nakala. Kisha mwambie anayeshughulikia mishahara: "Ukipata ombi lolote la kubadilisha akaunti yangu, nipigie kwanza kwa namba mliyonayo kwenye faili langu." Asipige namba iliyoandikwa kwenye imeili, kwani hiyo inaweza kuwa ya mwizi mwenyewe. Akikupigia, akuulize tarakimu 4 za mwisho za akaunti ya zamani na za ile mpya. Wewe wa nyumbani unayelipwa na mama mwenye nyumba, patana naye hivyo hivyo: bila kuongea uso kwa uso, hakuna kubadilisha.

Peleka ombi mapema. Mara nyingi orodha ya mishahara hutumwa benki siku 2 hivi kabla ya malipo, kwa hiyo ukileta fomu Alhamisi, Ijumaa hiyo pesa zitaenda kulekule kwa zamani. Usifunge akaunti ya zamani mpaka uone mshahara wa kwanza umeingia kwenye mpya.

Zikishapotea, mwambie mwajiri saa hiyo hiyo aitake benki yake irudishe malipo, na mripoti kwa FBI kupitia ic3.gov. Kila saa inayopita inampa mwizi nafasi ya kuzitoa. Mwajiri akikataa kukulipa, unaweza kufungua dai la mshahara Texas Workforce Commission ndani ya siku 180 tangu siku uliyopaswa kulipwa. Hapo ndipo ile nakala ya fomu itakapokusaidia: inaonyesha ni akaunti gani uliyoitaja kwa mkono wako.