Sare Inavyokula Odi ya Mia Mbili

Jumapili ya mwisho ya mashindano ya Masters mwaka 2016, Jordan Spieth alimaliza mashimo 9 ya kwanza akiwa mbele kwa mikwaju 5. Watu waliombeti walianza kuhesabu fedha. Alipoteza mkwaju shimo la 10, akapoteza mwingine la 11, kisha akafika la 12, shimo fupi la yadi 155 tu, akatumbukiza mipira miwili majini na kuandikiwa mikwaju 7 mahali panapotakiwa 3. Mwingereza Danny Willett, aliyecheza Augusta mara moja tu kabla ya hapo, akavaa koti la kijani.

Kwa anayebeti mshindi wa mashindano mazima, kilichotokea chini ya Willett kina mafunzo mengi kuliko ushindi wenyewe. Tuanze na idadi ya wachezaji. Mwaka ule walikuwa 89. Mashindano ya The Open ya Uingereza huwa na 156, na mtu anaweza kudhani tofauti ni hiyo tu: wapinzani 67 zaidi. Lakini Augusta humruhusu bingwa wa zamani kurudi kila mwaka. Tom Watson alikuwa uwanjani mwaka huo akiwa na umri wa miaka 66, akiaga. Hakuna odi, hata ya 1,000 kwa 1, ambayo ingekuwa bei nzuri kwake. Ukiwatoa wazee na vijana wa ridhaa, wanaoweza kushinda kweli wanabaki pengine 60, na ndiyo maana odi za wachezaji wa kati huwa ndogo Augusta kuliko unavyotarajia. (Bernhard Langer, aliyekuwa na miaka 58, alifika Jumapili akiwa mikwaju 2 tu nyuma ya Spieth. Gofu hupenda kuwaumbua wanaoandika makala.)

Kwenye The Open, kinyume chake, hata jina la chini kabisa kwenye orodha ni la mtu anayepata riziki kwa gofu au aliyepita kwenye mchujo mgumu. Ben Curtis alishinda mwaka 2003 akiwa wa 396 duniani. Hadithi ya namna hiyo ndiyo inayouza mikeka, na kampuni za kubashiri zinaijua kuliko sisi. Jaribu kugeuza kila odi ya orodha nzima kuwa asilimia, kisha ujumlishe. Hesabu ya haki ingetoa 100. Kwenye gofu si ajabu kupata 130 au zaidi. Ziada hiyo ni faida ya kampuni, na haigawanywi sawasawa. Kipenzi cha wengi hukatwa kidogo. Mchezaji wa 200 kwa 1, ambaye mkeka wa Dar es Salaam au Nairobi ungemwandika 201.00, anapewa bei ya mtu anayeshinda mara 1 katika 201, ilhali huenda uwezo wake ni mara 1 katika 400 au 500.

Uwanja unaweza kuzibana namba hizo. Masters ndiyo pekee kati ya mashindano makubwa manne inayochezwa uwanja uleule kila mwaka, kwa hiyo uzoefu una uzito wa pekee. Tangu Fuzzy Zoeller mwaka 1979 hakuna aliyeshinda akicheza pale kwa mara ya kwanza. Tazama pia hilo shimo la 12. Grini yake imelala mshazari: kushoto iko karibu na mpigaji, kulia iko mbali, na mbele yake kuna kijito. Mpiga mkono wa kulia akikosea kwenda kulia, kwa kawaida mpira hupungukiwa nguvu, na kulia ndiko maji yanakotaka mpira mrefu zaidi. Hapo ndipo Spieth alipozama. Mashoto hukosea kinyume: mpira unaokwenda kulia huwa mrefu, unaokwenda kushoto huwa mfupi, sawasawa na umbo la grini. Kati ya 2003 na 2014, Mike Weir, Phil Mickelson na Bubba Watson, mashoto wote, walichukua Masters mara 6.

Lakini kampuni nazo zinajua hayo, na zimeshayatia kwenye bei. Kufaa uwanja kunasaidia pale tu ambapo bei bado inamhesabu mchezaji kwa cheo chake cha dunia, na si kwa namna anavyopiga.

Ndiyo maana wengi wanaomfuata mchezaji wa odi kubwa huweka dau la pande mbili, desturi ya Uingereza: nusu ashinde, nusu amalize kwenye nafasi za juu zilizotajwa, na hiyo nusu ya pili hulipwa sehemu ya odi, mara nyingi moja ya tano. Hapa ndipo sare inapoingia. Nafasi ya kwanza haina sare, kwa kuwa wanaolingana hucheza mashimo ya ziada. Kuanzia ya pili kwenda chini hakuna wa kuwatenganisha.

Mwaka 2016 Willett alimaliza kwa 283. Spieth na Lee Westwood walilingana kwa 286. Nafasi ya 4 waligawana watu watatu kwa 287, na ya 7 wengine watatu kwa 288, akiwemo Mdenishi Søren Kjeldsen. Tuchukulie ulimpata Kjeldsen kwa 200 kwa 1 na kuweka pauni 10 kila upande, jumla 20. Upande wa ushindi umekufa. Upande wa nafasi una odi ya 40 kwa 1, yaani pauni 410 ukilipwa kamili. Kama kampuni yako ililipa nafasi 8, watu watatu wanagawana nafasi mbili, ya 7 na ya 8: unapata theluthi mbili, pauni 273. Kama ililipa 7, ni theluthi moja, pauni 137. Ikiwa ililipa 5, hupati kitu. Mchezaji yuleyule, mikwaju ileile.

Kwa hiyo 150 kwa 1 yenye nafasi 8 inaweza kuwa bora kuliko 200 kwa 1 yenye nafasi 5: Kjeldsen angekupa pauni 207 badala ya patupu. Na hata nafasi 8 zina kikomo. Chukua mtu anayefika nane bora mara 3 katika 100. Odi ya 40 kwa 1 inahitaji mara 2.4 hivi, kwa hiyo unaonekana uko juu. Sasa sema sare hukuachia robo tatu tu ya malipo kwa wastani: zile 3 zimekuwa 2.25, na faida imegeuka hasara kabla mpira haujapigwa.

Kanuni hiyo haiwagusi wa odi kubwa peke yao. Rory McIlroy na Jason Day walikuwa katika kundi lililolingana nafasi ya 10 siku ileile. Aliyebeti mmoja wao amalize kumi bora kwa odi ya 2.25 aliona jina lake ndani ya kumi. Kundi la watano likigawana nafasi hiyo moja, pauni 10 hurudisha pauni 4.50. Baadhi ya kampuni huuza beti ya kumi bora inayolipa sare kamili, kwa odi ndogo kidogo, na tofauti huandikwa kwa herufi ndogo chini ya mkeka.