Kuoanisha Orodha A na Orodha B: Mchujo na Uhakiki Wake

Katika mitihani ya Kiswahili ya sekondari nchini Tanzania, swali la kuoanisha si geni. Maelezo huwa Orodha A, istilahi huwa Orodha B, na mtahiniwa huandika herufi ya jibu kando ya namba. Mara nyingi Orodha B huzidi, ili jibu la mwisho lisipatikane bure.

Chukua mfano wa fasihi simulizi. Orodha A ina maelezo matano: (i) hadithi fupi ya kuchekesha na kukejeli, (ii) hadithi inayoeleza chimbuko la watu, wanyama au maumbile, (iii) masimulizi ya matukio ya kihistoria, (iv) hadithi ya kimapokeo inayofunza maisha kwa kutumia wanyama, miti na watu, (v) hadithi fupi inayoonyesha makosa ya watu na kujengwa juu ya methali. Orodha B ina saba: A ngano, B tarihi, C methali, D soga, E kitendawili, F kisasili, G kigano.

Anayejibu kwa pupa huona neno “methali” kwenye (v) na kuandika C papo hapo. Huo ndio mtego.

Mwenye utaratibu husoma Orodha A yote kwanza. Maelezo yote matano ni ya hadithi au masimulizi, ilhali methali na kitendawili ni semi. Basi C na E zinakatwa kwa penseli, na herufi zinabaki tano. Kisha anaanza na anazozijua: historia ni tarihi, kichekesho ni soga, chimbuko ni kisasili. Zinabaki ngano na kigano kwa (iv) na (v).

Hapa mchujo peke yake hautoshi, maana hadithi zote mbili hufunza. Kila jozi ipimwe kwa fasili fupi inayotaja aina ya kitu na sifa inayokitenga na jirani yake. Kigano ni hadithi fupi inayofichua kosa, na msingi wake mara nyingi ni methali. Hiyo ni (v). Ngano hutambulika kwa wahusika wake mchanganyiko. Hiyo ni (iv). Lakini wanyama wamo hata katika kisasili, kwa mfano hadithi ya kwa nini sungura ana masikio marefu. Kinachokitenga ni kueleza chanzo cha jambo.

Orodha zikilingana na kila herufi ikitumika mara moja, haiwezekani kukosa jozi moja tu: jibu lililokosewa limechukua nafasi ya jingine. Herufi zikizidi, kosa moja linaweza kujificha peke yake. Kwa hiyo masalio nayo yakaguliwe. Aliyeandika C kwenye (v) atakuta kigano kimebaki pamoja na kitendawili, yaani hadithi imeachwa nje na semi imeingizwa, ilhali maelezo yote yalitaka hadithi.