Maneno ya Mnunuzi Yamo Kwenye Kisanduku cha Kutafutia

Kisanduku cha kutafutia cha soko la mtandaoni hakingoji mtu amalize kuandika. Akishaweka herufi tatu au nne, chini yake hushuka orodha fupi ya maneno ya kukamilishia. Orodha hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na yale ambayo wanunuzi wengine wamekwisha kuyaandika, na ndiyo maana humfaa muuzaji anayetafuta namna ya kuitaja bidhaa yake.

Chukua mfano wa muuzaji wa Nairobi anayetaka kuuza seti za sufuria za alumini kwenye Jumia. Boksi kutoka kiwandani limeandikwa "aluminium cookware". Lakini Mkenya, hata anapotafuta kwa Kiingereza, chombo hicho hukiita "sufuria".

Muuzaji huanza kwa kufungua dirisha la faragha la kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yake, kwa sababu soko linaweza kumrudishia maneno aliyoyatafuta mwenyewe juzi. Kisha huandika "sufuria", huacha kubonyeza, na kunakili kila pendekezo linalotokea. Baada ya hapo huacha nafasi na kuongeza herufi moja moja: "sufuria a", "sufuria b", hadi mwisho wa alfabeti. Herufi "s" inaweza kuleta "sufuria set", na "w" ikaleta "sufuria with lids". Zoezi hilohilo hurudiwa kwa "cooking pot", ili majina hayo mawili yalinganishwe.

Maneno yanayofuata jina la bidhaa ndiyo yenye faida zaidi. Yakijirudia "set" na "lids", ni dalili kwamba wanunuzi wanataka seti nzima yenye vifuniko, wala hawatafuti sufuria moja moja.

Kila pendekezo hupimwa kwa kulibonyeza. Likileta sufuria zinazofanana na za muuzaji, linamfaa. Likileta vikaango visivyoshika chakula, ni la wateja wengine, hata kama liko juu kwenye orodha. Yaliyofaa huingia kwenye kichwa cha tangazo, jina kuu likitangulia: "Sufuria Set with Lids, 5 Pieces, Aluminium". Kurundika maneno yote humchanganya msomaji, na jina la chapa ya mtu mwingine haliwekwi hata likipendekezwa.

Orodha ina mipaka yake. Haionyeshi neno limetafutwa mara ngapi, na mpangilio wake si kipimo cha uhakika. Hubadilika kwa msimu, hivyo inafaa kuangaliwa upya kila baada ya wiki chache. Bidhaa mpya huenda isiwemo kabisa. Zaidi ya hayo, anayetafuta si lazima anunue: kabla ya kuagiza mzigo, muuzaji ahesabu wauzaji waliopo chini ya neno hilo na aangalie bei zao.