Kutegea Kazi: Taylor na Hawthorne Mbele ya Swali Moja

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa alinganishe nadharia za kiklasiki za menejimenti na mkondo wa mahusiano ya kibinadamu, aghalabu huchora jedwali la safu mbili: huku mashine, huku utu. Jedwali hilo linaficha jambo lenye manufaa zaidi. Pande zote mbili zilikuta tatizo lile lile kiwandani, wafanyakazi wanaotegea kwa makusudi na kwa kupatana, ila zilitofautiana kuhusu chanzo chake.

Frederick Taylor alilijua tatizo hilo tangu alipokuwa mnyapara katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia. Mafundi wake walilipwa kwa kipande. Kila walipoongeza kasi na kipato kikapanda, mwajiri alishusha bei ya kipande, wakajikuta wanachoka zaidi kwa malipo yale yale. Taylor aliona wazi kwamba, kwa hali hiyo, kutegea ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Tiba yake ilikuwa kipimo: meneja aipime kazi kwa saa, hatua kwa hatua, aweke kiwango kisicho cha kubahatisha, kisha amlipe vizuri anayekifikia.

Mfano wake maarufu ni wa Bethlehem Steel, mwaka 1899, ambako vibarua walibeba mikuo ya chuma ghafi, kila mmoja ukiwa na uzito wa takriban kilo 42, na kuipakia kwenye mabehewa. Kwa maelezo yake, kibarua aliyekuwa akipakia tani 12.5 kwa siku alifikia tani 47.5, na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Pigeni hesabu: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira kwa takriban asilimia 60. Taylor mwenyewe alikiri kwamba ni mtu mmoja kati ya wanane aliyeweza kuhimili kiwango hicho, na wanahistoria wa baadaye wametilia shaka sehemu za masimulizi yake.

Imani hiyo kwamba kazi ikipangwa vizuri watu watafuata ndiyo inayomuunganisha Taylor na Henri Fayol, aliyeandika mwaka 1916 kuhusu uongozi wa shirika zima, na Max Weber, aliyechambua urasimu. Lakini msimsingizie Fayol kwamba alisahau watu: kati ya kanuni zake 14 imo ile ya moyo wa umoja kazini.

Sasa twendeni Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago. Kuanzia Novemba 1931, watafiti waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja, wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Kila mmoja alikuwa na kiwango chake cha malipo kwa saa, na juu yake nyongeza iliyotegemea uzalishaji wa kundi zima. Kwa mantiki ya Taylor, wangekazana. Badala yake walikuwa na kadirio lao la kazi ya siku, wakilikaribia wanapunguza mwendo. Aliyezidisha alisemwa kuwa anawaharibia wenzake. Aliyezembea mno naye alisemwa. Na mbishi aliweza kupigwa ngumi ya mkono, juu karibu na bega. Majaribio ya uwezo yaliwashangaza watafiti: fundi aliyekuwa wa mwisho kwa kazi aliongoza kwa akili. Kasi yake ilitokana na nafasi yake miongoni mwa wenzake.

Hapo ndipo Elton Mayo na wenzake walipotoa hoja yao: motisha ya fedha humfikia mfanyakazi ikiwa imepitia kwanza kwenye kundi, na kundi lina sheria zake. Hoja hiyo ina nguvu. Ila mafundi hao, walipoulizwa, walisema waliogopa kwamba wakizidisha, bei itashushwa au watu wataachishwa. Ni maelezo yale yale aliyoyatoa Taylor. Na hofu haikuwa ya kipuuzi, maana chumba hicho kilifungwa Mei 1932 kwa kukosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kwa maoni yangu, watafiti walikosea walipoiona hofu hiyo kuwa hisia zaidi kuliko hoja.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwenye chumba kingine cha Hawthorne, kile cha mabinti waliounganisha rilei kuanzia 1927. Vitabu vingi husema uzalishaji ulipanda kwa sababu walijaliwa na kusikilizwa. Lakini malipo yao pia yalibadilishwa, yakategemea kundi dogo lao wenyewe, na wawili waliolalamikiwa kwa maongezi na kazi ndogo waliondolewa mapema 1928, nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Kundi jingine lililobadilishiwa malipo pekee nalo liliongeza kazi kwa zaidi ya asilimia 10. Mambo yanapobadilishwa kwa pamoja hivyo, huwezi kujua kiasi gani kilitokana na fedha na kiasi gani na usikivu. Kwa hiyo, kama unatafuta ushahidi wa mkondo wa mahusiano ya kibinadamu, chumba cha nyaya ni bora kuliko cha rilei, ingawa uzalishaji wake haukupanda.