Ala ya Misuli ya Tumbo
Daktari anayemzalisha mama kwa upasuaji mara nyingi hukata chini, juu kidogo ya kinena. Baada ya ngozi na mafuta hukuta utando mweupe, mgumu: ala ya misuli miwili iliyosimama wima katikati ya tumbo. Karibu na kitovu, ala hii huifunika misuli mbele na nyuma. Sentimita chache chini ya kitovu, kwenye mstari wa upinde, tando ngumu za misuli mitatu ya ubavuni zote huhamia mbele. Nyuma hubaki tando nyembamba tu. Hapo misuli kwa kawaida hutenganishwa bila kukatwa, na ala ya mbele, yenye nguvu zote, hushonwa kwa makini. Ikiachia, hutokea ngiri. Mama akiona uvimbe kwenye kovu anapokohoa, arudi hospitali.