Taa za Ruta na Chaja: Ikitulia, Ikiwakawaka

Intaneti ya faiba ikikatika, kabla ya kuzima na kuwasha ruta, tazama taa mbili: PON na LOS. PON ikiwaka kijani na kutulia, kifaa kimeshaungana na mtambo wa kampuni. Ikiwakawaka, bado kinajaribu kuungana, jambo la kawaida kwa dakika chache umeme unaporudi. LOS hutakiwa iwe imezimika. Ikiwakawaka nyekundu, mwanga unaobeba mawasiliano haufiki.

Tuseme mchana mmesogeza kabati, na jioni LOS inawakawaka huku PON imezimika. Fuata ule waya mwembamba. Ukiukuta umekunjwa au kubanwa, ulegeze upate kona pana, kisha hakikisha kichwa chake kimeingia sawasawa. Usichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani, ila unaweza kudhuru jicho. LOS isipozimika, mpigie fundi, kwani huenda waya umekatika njiani.

Taa za LAN na WLAN zikiwakawaka usihofu. Kwa kawaida ni data zinapita.

Kwenye chaja nyingi za betri, nyekundu iliyotulia ni kwamba inachaji, na kijani ni kwamba imejaa. Lakini nyingi huwaka kijani hata zikiwa hazina betri, kwa hiyo kijani kinachotokea mara tu unapochomeka betri iliyokwisha huashiria kwamba haijashika. Nyekundu inayowakawaka mara nyingi ni hitilafu: chomoa, acha betri ipoe, futa vyuma vya kugusana, ujaribu tena. Rangi hutofautiana, hivyo thibitisha kwenye kijitabu cha maelekezo.