Kihisi cha Mwangwi na Vipimo Vinavyoruka

HC-SR04 ni kihisi kidogo cha umbali chenye vikopo viwili vya duara vilivyokaa sambamba juu ya bodi ya samawati. Kikopo chenye herufi T hutoa sauti, na chenye herufi R huipokea inaporudi. Sauti hiyo hutetema mara 40,000 kwa sekunde, maradufu ya upeo wa sikio la binadamu, hivyo kihisi hupima mbele ya watu bila mtu kusikia chochote. Kwa bei yake ndogo kimekuwa kihisi cha kwanza cha wanafunzi wengi wanaounda kigari kinachojiendesha na kukwepa vizuizi. Kukiunganisha ni kazi ya waya nne. Ugumu huanza baadaye, pale namba zinapoanza kuruka na kigari kikasimama mbele ya hewa tupu, au kikagonga ukuta ambao kilikwisha kuuona.

Bodi ina pini nne zilizoandikwa VCC, Trig, Echo na GND. VCC hupata volti 5, na GND huungwa na GND ya mikrokontrola. Trig ni pini ya kuamrisha: ikipewa umeme kwa mikrosekunde 10, kihisi hutoa mitetemo minane ya sauti, ambayo huisha ndani ya mikrosekunde 200. Mara baada ya hapo pini ya Echo hupanda, na hubaki juu mpaka mwangwi ufike. Kwa hiyo mikrokontrola haipokei sauti yoyote. Inachopokea ni urefu wa muda ambao Echo ilikuwa juu, na kazi yake ni kuupima muda huo.

Hewani, kwenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa kuwa imekwenda na kurudi, kila sentimita ya umbali huchukua mikrosekunde 58 hivi. Muda ukigawanywa kwa 58, jibu ni sentimita. Joto likifika nyuzi 32, sauti huongeza mwendo na kipimo hupungua kwa asilimia 2 hivi, yaani kizuizi kilicho mita 1 husomeka kama kiko sentimita 98. Kwa kigari kinachokwepa viti na kuta, kosa hilo halina madhara.

Kwenye Arduino Uno, inayofanya kazi kwa volti 5, Trig na Echo huungwa moja kwa moja kwenye pini zozote mbili za kawaida, kwa mfano 9 na 10. Bodi ya ESP32 inataka uangalifu, kwa sababu pini zake ni za volti 3.3 ilhali Echo hutoa volti 5. Hapo huwekwa rezista mbili: moja ya omu 1,000 kutoka Echo hadi pini ya ESP32, na nyingine ya omu 2,000 kutoka pini hiyo hiyo hadi GND. Theluthi moja ya umeme huishia kwenye rezista ya kwanza, na pini hupata volti 3.3 hivi. Trig haihitaji rezista, kwa kuwa kihisi hutambua volti 3.3 kama amri halali.

Programu ya kupima mara moja kwenye Arduino ni fupi:

```
long pimaMuda() {
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  delayMicroseconds(2);
  digitalWrite(TRIG, HIGH);
  delayMicroseconds(10);
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  return pulseIn(ECHO, HIGH, 12000);
}
```

Namba 12000 ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Ni kikomo cha kusubiri kwa mikrosekunde, na inatosha kuona karibu mita 2. Bila kuiandika, `pulseIn` hungoja hadi sekunde nzima, na muda wote huo programu haifanyi jambo jingine, hata kama kigari kinatembea. Kikomo kikipita bila mwangwi, jibu huwa 0. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata huachwa milisekunde 60, ili mwangwi wa mbali wa kipimo cha kwanza ufifie kabla ya cha pili kuanza. Anayepunguza nafasi hiyo ili kigari kiwe chepesi huletewa mwangwi wa zamani, na programu huuhesabu kama kizuizi kipya kilicho karibu.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa kuchuja, yafaa kujua vurugu ya namba inatoka wapi, kwa sababu sehemu yake haitokani na sauti hata kidogo. Mota zinapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti ya kihisi huyumba, na Echo hushuka au kupanda kabla ya wakati. Jaribio la kutofautisha ni rahisi. Kigari huinuliwa magurudumu yakae hewani, boksi huwekwa sentimita 50 mbele yake, na namba husomwa kwanza mota zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zinazunguka. Ikiwa namba zimetulia wakati wa kimya na kuruka wakati mota zinafanya kazi, ugonjwa uko kwenye umeme. Dawa yake ni kuzipa mota betri yao, kuunganisha GND zote pamoja, na kuweka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya VCC na GND karibu kabisa na kihisi. Kuficha tatizo la waya kwa programu ni kosa la gharama: siku betri ikipungua nguvu, makosa huzidi uwezo wa kichujio chochote.

Waya zikishakuwa sawa, vurugu inayobaki ni ya sauti yenyewe, nayo huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni kutikisika kwa milimita chache, jambo lisilomsumbua mtu. Ya pili ni kuruka: namba moja katikati ya nyingine nzuri inakuwa kubwa mno au ndogo mno, kwa sababu sauti ilipiga ukingo wa meza na kurudi kwa njia ndefu, au ilitoka kwenye kihisi cha kigari cha jirani. Ya tatu ni ukimya. Pazia, godoro na nguo nene humeza sauti, na ukuta laini uliokaa mshazari huitupa pembeni isirudi tena.

Watu wengi hukimbilia wastani. Wastani hufaa kwa kutikisika, lakini kwa kuruka ni hatari. Kigari kinachokwenda sentimita 30 kwa sekunde husogea sentimita 1.8 kati ya vipimo viwili. Tuseme kinaelekea ukutani, kimeamriwa kusimama umbali ukiwa chini ya sentimita 45, na vipimo vyake vitano vya mwisho ni 42, 40, 198, 37 na 35. Wastani wake ni 70.4. Programu inaona njia iko wazi na inaongeza mwendo, ingawa vipimo vinne kati ya vitano vilisema kweli. Uongo wa namba moja umesambaa kwa zote.

Namba hizo hizo zikipangwa kuanzia ndogo huwa 35, 37, 40, 42, 198. Inayokaa katikati, yaani mediani, ni 40, na kigari kinasimama. Ile 198 imesukumwa mwisho wa foleni, na hata kama ingekuwa 400 jibu lisingebadilika. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mediani kwa kihisi hiki: vipimo viwili vya uongo kati ya vitano haviwezi kushinda vitatu vya kweli. Vikiwa vya uongo vitatu, kichujio nacho hudanganywa.

Hata hivyo jibu la 40 lina gharama yake. Kipimo cha mwisho kilikuwa 35, hivyo kichujio kiko nyuma ya ukweli kwa sentimita 5. Gharama hiyo huonekana zaidi mtu anapoweka mguu ghafla mbele ya kigari. Mediani ya vipimo vitano haibadiliki mpaka vipimo vipya vitatu vikubaliane, na hiyo ni hadi milisekunde 180, ambazo kigari huzitumia kusogea zaidi ya sentimita 5. Baada ya mota kuzimwa, magurudumu bado huteleza. Mtelezo huo hupimwa kwa rula kwenye sakafu yenyewe, na ukiwa sentimita 8, jumla hukaribia 14. Kikomo cha kusimama cha sentimita 25 kina nafasi ya kutosha kwa mwendo huo. Mwendo ukiongezwa maradufu, kikomo nacho lazima kihesabiwe upya, maana mtelezo hukua kwa haraka kuliko mwendo. Kuongeza vipimo hadi kumi na moja hutuliza namba vizuri sana, lakini kigari hujua habari ya mguu baada ya kuugonga.

Kikomo kimoja cha kusimama na kuondoka pia huleta shida. Kizuizi kikiwa sentimita 25 hasa, kule kutikisika kwa milimita chache hukifanya kigari kisimame na kuondoka mfululizo. Huwekwa vikomo viwili: kusimama chini ya 25, na kuondoka tena pale tu umbali unapozidi 35.

Linabaki suala la 0, ambalo linastahili kufikiriwa kuliko yote. Likiingizwa kwenye foleni kama lilivyo, programu hulisoma kama kizuizi kilichogusa pua ya kigari, na katika uwanja wazi kigari hakitaondoka kamwe. Kwa hiyo hubadilishwa kuwa upeo wa kuona:

```
float cm = (muda == 0) ? 200 : muda / 58.0;
```

Tafsiri hiyo ni sahihi uwanjani, lakini mbele ya pazia ni ya uongo, na pia pale waya wa Echo unapochomoka. Mwendo wa kigari chenyewe husaidia kutofautisha. Ikiwa mediani ilikuwa 30 na ghafla ukimya umeanza, kizuizi hakikupaa: kigari husogea chini ya sentimita 2 kati ya vipimo, na ukuta hauondoki. Ukimya wa namna hiyo hutendewa kama kizuizi, kigari husimama na kugeuka. Na ndani ya chumba, ambako sauti hukuta kitu kila upande ndani ya mita chache, ukimya wa vipimo 50 mfululizo, yaani sekunde 3, ni dalili ya waya uliokatika kuliko ya njia nyeupe. Mota huzimwa.

Pazia ambalo halijawahi kurudisha mwangwi hata mara moja halitagunduliwa na hesabu yoyote ya aina hii, kwa kuwa hakuna kipimo cha kuchuja. Kwa nyumba yenye mapazia na makochi ya kitambaa, mbele ya kigari huongezwa swichi ya kugusa, bapa jepesi linalobonyea kizuizi kinapoguswa, na programu huipa swichi hiyo neno la mwisho juu ya kihisi.